Nguruwe wa Mama na Uwele wa Ilemba

Kijijini kwetu mimi ndiye wa kwanza kurudi na stashahada ya afya ya mifugo, na sijawahi kuona sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenilipia. Nilikaanga maandazi alfajiri kwenye chumba cha kupanga, nikaenda darasani na mikono inayonuka mafuta, nikafaulu. Baadaye nilifanya kazi miaka sita kwa mfugaji mmoja wa nguruwe nje kidogo ya Dar es Salaam, majike arobaini, na mzalishaji nilikuwa mimi. Niliporudi Sumbawanga nilikuwa na pikipiki yangu na friji yangu ya chanjo, na haukupita muda nikafungua duka la dawa za mifugo mtaa wa Majengo. Wanaoniita daktari hawajakosea sana.

Nayasema haya kwanza ili ieleweke kwamba yaliyotokea Julai ile hayakumtokea mtu asiyejua kazi. Yalinitokea mimi, na yalinichosha kuliko miaka yote sita ya majike arobaini.

Mama yangu anaishi kijijini, saa moja kwa pikipiki kutoka mjini, ukiacha barabara ya Laela na kukata mashamba. Zamani alikuwa na nguruwe tisa. Homa ya nguruwe ikapita, na ndani ya wiki mbili kijiji kizima kilikuwa hakina mlio wa nguruwe hata mmoja. Walichimba mashimo, wakafukia, wakakaa. Ilichukua muda mrefu kabla mtu yeyote hajathubutu kuingiza mnyama bandani. Mama alithubutu. Aliuza ulezi wake wa msimu mzima akanunua jike mmoja mchanga, mweupe mwenye doa jeusi mgongoni, akamlea mwenyewe mpaka akashika mimba. Hakuwahi kunitamkia hesabu yake, lakini niliijua. Uzao huo wa kwanza ukikaa, angeendelea kufuga. Ukifa, angefunga banda na kuweka kuni.

Chakula cha mimba hiyo nilikipanga mimi. Kwetu nguruwe hula pumba ya mahindi, majani ya viazi, maboga, na machicha ya pombe ya ulezi, yale mabaki yanayobaki baada ya kuchuja. Nilimkataza mama machicha. Nililisema hata kwenye mkutano wa jumuiya, siku walipotuomba sisi wataalamu tuseme neno. Nilisema jike mwenye mimba si mlevi wa kulishwa takataka za kilabuni. Watu walicheka, isipokuwa katekista wetu, mzee jirani wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha jike wake machicha kila siku na kila mtu alilijua hilo.

Mahali pa machicha niliweka mchanganyiko wangu: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, chumvi, na uwele uliopondwa. Uwele ni nafaka ndogo yenye suke refu kama mkia wa paka, huku juu hatuilimi sana. Niliupata Ilemba, kule chini bondeni, kwa familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Dada yao ameolewa karibu na kijiji chetu, kwa wafugaji tunaopakana nao malisho, na ndiye aliyenielekeza: kaka yake ana magunia matatu ya uwele ameyaweka pembeni, hayali wala hayauzi sokoni. Nilishuka nikayachukua kwa bei ya bure. Kaka mtu aliniambia masuke ya shamba lile yalitoa utomvu kama asali, wadudu wakajaa, na punje zikatoka chafu. Nilimjibu kwamba nguruwe hachagui usafi. Niliona punje nyeusi nyeusi ndani ya gunia, nikajua ni uchafu wa shambani.

Jike wa mama alikula mchanganyiko huo wiki tano za mwisho. Alinawiri. Nilikuwa nimeshapanga kwamba akizaa vizuri nitaanza kuuza chakula hicho dukani, na mama angekuwa shahidi wangu.

Alizaa Jumanne alfajiri. Mama alinipigia jua likianza kutoka.

"Kumi na mmoja," akasema. "Lakini wanalia."

"Watoto wa nguruwe hulia, mama."

"Hawa wanalia kama wenye njaa. Njoo."

Nilifika baridi ya Ufipa ya Julai ikiwa bado imekaa juu ya nyasi, na upepo ule unaoingia mpaka kwenye mikono ya koti. Mmoja alikuwa ameshakufa, amelaliwa na mama yake. Wale kumi walikuwa wanazunguka kiweleni, wanashika chuchu moja, wanaiacha, wanashika nyingine, wanapigana. Mtoto wa nguruwe aliyenyonya hulala, tumbo limejaa, amejipanga na wenzake. Hawa mbavu zilionekana na matumbo yalikuwa yameingia ndani.

Kazi yangu naijua. Jike akikosa maziwa baada ya kuzaa, mara nyingi ni ugonjwa wa kiwele na kizazi kwa pamoja: anapata homa, anakataa chakula, kiwele kinakuwa kigumu na cha moto, choo kinakauka, uchafu wenye harufu unatoka nyuma. Nilimpima joto. Nyuzi thelathini na tisa, kawaida kabisa kwa jike aliyetoka kuzaa. Nikabonyeza kiwele chuchu kwa chuchu. Hakikuwa cha moto, wala kigumu. Kilikuwa bapa. Ngozi ilikuwa laini na legelege kama ya jike ambaye bado hajakaribia kuzaa. Nyuma kulikuwa safi, kondo la nyuma limetoka lote. Mama alipomsogezea ndoo, alikula mpaka akalamba chini.

Hapo ndipo mtu aliyesoma alitakiwa kusimama na kufikiri. Mimi nilifungua begi. Nilimchoma sindano ya kushusha maziwa, dozi ndogo, nikasubiri. Sindano ile hubana kiwele ili maziwa yaliyomo yatoke. Ndani ya dakika chache yanatakiwa kuchuruzika. Nilikamua chuchu za mbele. Hazikutoa hata unyevu. Nikakanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, nikarudia dozi. Hakuna. Nikamchoma na antibiotiki, bila homa, bila sababu, kwa kuwa mkono ulishazoea.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigogo, ananitazama.

"Zile sindano zote tatu ni za nini?"

"Za maziwa."

"Maziwa yako wapi?"

"Subiri, mama."

"Mimi nasubiri," akasema. "Hao hawasubiri."

Alikuwa anasema kweli. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila akiba. Hana mafuta mwilini, hana kinga ya magonjwa. Vyote viwili huvipata kwenye maziwa ya kwanza, ile dang'a nzito ya njano, na muda wa tumbo lake kuipokea kinga hiyo ni siku moja tu, saa za mwanzo zikiwa bora kuliko za mwisho. Asipopata, sukari ya mwili inashuka, anapoa, anaanza kuyumba, anapiga makasia kwa miguu, anakufa. Kwa baridi ya kwetu hafiki jioni.

Tuliwatoa tukawaweka kwenye boksi la katoni lenye nyasi kavu, na chupa za maji ya moto zilizofungwa khanga pembeni. Niliwapa maji ya vuguvugu yenye glukosi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Hiyo ilinunua saa mbili, si zaidi. Glukosi si dang'a.

"Kuna ng'ombe aliyezaa kule kwa wafugaji," mama akasema. "Jana nimesikia."

Nilikuwa nimeshafikiria hivyo. Dang'a ya ng'ombe si ya nguruwe, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukosa. Njiani nilimwambia mama tusiseme ni ya nguruwe. Niliwaza kwamba watu wa ng'ombe wana heshima zao na maziwa. Mama aliendelea kutembea, nikafikiri amekubali.

Tulimkuta uani yule dada aliyenielekeza uwele, anafunga ndama. Ni wa rika langu, mwenye maneno makali na mkono wazi. Kabla sijamaliza salamu, mama akasema:

"Mwanangu, tumekuja kuomba dang'a. Nguruwe wangu amezaa hana maziwa."

Dada akasimama. "Dang'a? Ya nguruwe?"

"Ya watoto wake. Kumi."

"Mume wangu akikuta namkamulia nguruwe, atauliza na mimi nimeanza lini kula pumba." Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akanitazama mimi. "Na wewe dokta, si una duka? Huko hakuna maziwa ya nguruwe ya kopo?"

"Sumbawanga hayapo."

"Basi leteni chombo chenu. Ndama ameshiba, na iliyobaki wanangu huipika, watakosa leo. Lakini kibuyu changu hakivuki uzio wa nguruwe, msije mkaniomba."

Alikamua karibu lita mbili kwenye ndoo yetu, ya njano kama ute wa yai. Akiwa ameinama chini ya ng'ombe, akauliza kwa kawaida tu, kama mtu anayetafuta cha kusema:

"Mlikuwa mnamlisha nini?"

"Chakula kizuri," mama akasema. "Cha huyu. Pumba, mashudu, na ule uwele wa kaka yako."

Mikono yake ikasimama kwenye chuchu za ng'ombe.

"Ule uliotoa asali?"

Alimkabidhi mama ndoo, akanigeukia.

"Dokta, si aliwaambia ni wa kutupa? Ng'ombe wake waliingia kwenye mabua ya shamba lile, na waliokuwa wananyonyesha wakapungua maziwa. Sisi hatukujua sababu ni nini. Tuliacha tu."

Mama hakusikia sehemu hii ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kutembea na ndoo, ameshikilia kifuniko kwa mkono mmoja, anawahi. Nilimshukuru yule dada nikamfuata mama, na njia nzima nilikuwa naona ukurasa wa daftari langu la mwaka wa pili, mwandiko wangu mwenyewe.

Maana nilifundishwa. Kuna kuvu inayoshambulia masuke ya nafaka wakati wa kuchanua. Kwanza suke hutoa utomvu mtamu unaonata. Baadaye mahali pa punje hukaa kipande kigumu cheusi au cha kahawia iliyoiva, kikubwa kuliko punje yenyewe. Kuna sumu ndani yake, na kwa jike mwenye mimba sumu hiyo huzuia ubongo usiupelekee mwili agizo la kujaza kiwele. Jike hana homa, anakula vizuri, anazaa kwa wakati, na hana maziwa. Sindano ya kushusha haisaidii, kwa kuwa hakuna cha kushusha. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Tuliwapasha dang'a kwa kuiweka ndani ya maji ya moto, bila kuichemsha, maana ikichemka inaharibika. Kila mmoja alipewa kidogo kwa bomba, mililita ishirini, akapumzika, akapewa tena. Wawili walimeza kwa pupa. Mmoja, mdogo kuliko wote, aliacha kumeza. Nilimshika mkononi akiwa amepoa kama jiwe la mtoni, nikamweka ndani ya koti langu, na akafa humo humo. Wakabaki tisa.

Watoto tisa kwa bomba la sindano, kila baada ya saa moja na nusu, mchana na usiku, ni kazi ya watu wanne. Sisi tulikuwa wawili. Njia nzuri ilikuwa moja: kuwapeleka wengine kwa jike mwingine aliyezaa siku hizo. Na kijijini kulikuwa na jike mmoja tu wa hivyo. Alikuwa amezaa saba usiku ule ule na ana chuchu kumi na nne. Alikuwa wa katekista.

Nilikwenda alasiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Daktari." Alikuwa anamwaga machicha kwenye kihori, taratibu, ili nione vizuri. "Karibu. Samahani kwa harufu ya kilabuni."

Nilimweleza. Aliendelea kumwaga mpaka ndoo ikaisha.

"Wako wana nini?"

"Njaa tu, baba. Mama yao hana maziwa."

"Na homa ya nguruwe uliyoisikia wewe ukiwa Dar es Salaam, sisi tuliifukia hapa kwa majembe. Nguruwe wa banda moja haingii la mwingine. Tulikubaliana kijiji kizima. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo, siku ile ile ya machicha."

"Nilifundisha, ndiyo. Mama yao nimempima, hana homa. Na hawajakutana na nguruwe mwingine tangu wazaliwe asubuhi."

"Unaapa?"

"Siapi. Nakuonyesha kipimo."

Alikitazama kipimo, kisha mimi. Ni mtu mzima, na nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu anaowafundisha sala.

"Mama yako hajawahi kuninyima chumvi," akasema mwishoni. "Lete wanne. Wakija hawarudi mpaka waachishwe kunyonya. Na hayo mabuti yako yasikanyage hapa."

Nilirudi nikachagua wanne wakubwa, wenye nguvu ya kugombania chuchu mbele ya wageni. Wadogo tungebaki nao sisi. Nilivua mabuti, nikaosha miguu na mikono kwa sabuni mbele yake, nikawapitisha juu ya ukuta mmoja mmoja. Yeye aliwapokea, akawasugua kwa nyasi zilizolowana za banda lake mpaka wakanuka kama wale saba, akawachanganya wote kwenye tenga kwa muda, ndipo akawamwaga kiweleni kwa pamoja. Jike alinusa, akaguna, akalala ubavu. Nilisikia ile sauti yake ya kuita maziwa, mkoromo mfupi mfupi unaoongeza kasi. Wanne wangu wakashika.

"Machicha hayo," katekista akasema.

Nilichukua mabuti yangu mkononi nikarudi kwa mama.

Kesho yake, mama alipokwenda kuteka maji, nilichota uwele ambao haujapondwa kutoka gunia la mwisho. Nilikoroga chumvi nyingi kwenye ndoo ya maji, nikamwaga uwele humo. Punje nzuri zilizama. Juu likabaki tabaka jeusi la vipande vigumu, vingi kiasi cha kujaza viganja viwili. Ndivyo nilivyofundishwa kuutenganisha. Ingenichukua robo saa, siku yoyote ile kabla ya Jumanne.

Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikafukia magunia yote, uwele pamoja na mchanganyiko. Mama aliporudi nilimwambia chakula kimepata ukungu na kwamba tangu leo nguruwe ale pumba safi, majani ya viazi na maboga. Lilikuwa neno la kweli lililokatwa mkia.

Siku zilizofuata zilikuwa za bomba, katoni na maji ya moto. Duka lilifungwa. Simu yangu ilijaa watu wanaouliza dawa ya minyoo. Yule dada alitupa dang'a siku mbili zaidi, halafu maziwa ya kawaida, na kila mara aliuliza kwa utani kama wajukuu wa ng'ombe wake wamenenepa. Tulianza kuwafundisha kunywa kwenye sahani ya bati: unamtia kidole mdomoni, anakinyonya, unakishusha kwenye maziwa. Siku ya tatu niliwachoma sindano ya madini ya chuma shingoni. Siku ya nne wawili walianza kuharisha. Tuliwapunguzia maziwa, tukawapa maji ya chumvi na sukari, mmoja akapona, mmoja akafa. Tulikuwa tunawarudisha kwa mama yao mchana ili apate kuwajua, huku nimefunga nguzo ya mti pembeni mwa banda, kiganja kimoja kutoka ukutani, ili akilala wapate pa kuchomokea. Waliendelea kunyonya chuchu zisizo na kitu. Kila asubuhi nilimkamua nikitumaini. Nilikuwa najua kwamba kwa uzao huu maziwa yamekwishapita, ila mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Mama alikuwa akimsema yule jike kila akipita. Alimsema kwa Kifipa, maneno ambayo siwezi kuyaandika, na kwa Kiswahili kidogo.

"Umbo kubwa la bure. Mlafi. Ana chuchu kumi na mbili kama mapambo."

Nilisikia, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kulala nimekaa, na nilijiambia kwamba ni uchovu unaonifanya ninyamaze.

Siku ya nane alikuja mnunuzi kutoka mjini, kijana mwenye bucha ya kitimoto, kwa pikipiki ya matenga. Mama ndiye aliyempigia, bila kuniambia. Alimtazama jike akaanza kumpima kwa kamba kifuani. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

Nilimvuta pembeni. "Mama, asiuzwe."

"Jike asiye na maziwa nimfuge kwa ajili ya sura?"

"Uzao ujao atakuwa nayo."

"Nani kakuambia? Wa mara ya kwanza akikosa, atakosa siku zote. Hata mama yangu alisema hivyo."

Ningeweza kuacha. Mnunuzi angempakia, na nguruwe yule angeondoka na kosa langu. Hakuna mtu kijijini ambaye angewahi kuuliza swali la pili; wote walishasema ni jike mbaya. Yule dada angenyamaza, hakuwa na haja ya kusema. Duka langu lingebaki kama lilivyo. Lakini mama asingenunua jike mwingine. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

"Maziwa yake niliyakausha mimi," nikasema. "Ni ule uwele. Ulikuwa na sumu ya kuvu. Niliambiwa Ilemba kwamba ni mchafu, nikaona najua zaidi. Yeye hana kasoro."

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Kule kwa wafugaji."

"Siku nane."

"Ndiyo."

"Na mimi siku nane namtukana huyu mnyama."

Aliweka ungo chini, akakaa ameutazama.

"Wale watatu waliokufa tumewafukia," akasema. "Sitawazungumzia. Huyo kijana ametoka mjini kwa mafuta yake. Kamwambie wewe. Na umwambie sababu, asije akadhani nimebadilisha bei."

Nilikwenda nikamwambia. Alisikiliza akiwa bado ameshika kamba.

"Kwa hiyo, dokta, wewe ndiye uliyemlisha?"

"Mimi."

"Wewe wa pale Majengo, mwenye duka?"

"Huyo huyo."

"Haya," akasema, akaikunja kamba yake. "Usiku mwema, maana hata asubuhi yangu umeimaliza." Kufikia Jumapili, habari hiyo ilikuwa imenitangulia dukani, na ilikuwa imeongezwa chumvi. Kuna wateja waliohama. Wengine walibaki, wakaanza kuninusisha magunia yao ya pumba kabla ya kulisha, na hilo sikulikataa. Siku ya jumuiya nilisimama nikaeleza mbele ya wote: nafaka yoyote yenye vipande vyeusi vigumu isipewe jike mwenye mimba, na kwamba nimejifunza kwa nguruwe wa mama yangu. Katekista alikaa mbele. Hakusema neno kuhusu machicha. Nadhani ilimgharimu.

Wanne waliolelewa kwa katekista walikua wakubwa kuliko wale saba wake. Kwetu waliishi wanne, wenye matumbo ya mviringo ya watoto waliolelewa kwa sahani, wadogo kwa mwezi mzima kuliko ndugu zao, wenye kelele na wasioogopa watu. Nane kati ya kumi na mmoja. Nimewahi kuona uzao wenye maziwa tele ukiacha wachache kuliko hao, na nalisema kwa sababu ni kweli: mikono yangu inajua kazi hii. Siku ile kichwa ndicho kilichokuwa kimekaa mbali.

Jike asiyenyonyesha hurudi joto mapema. Mwanzoni mwa Agosti alianza kusimama akigusa ukuta, masikio yamesimama, na mama akampeleka kwa dume baada ya kunilazimisha nimpime dume huyo homa mara mbili. Mimba ilishika. Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Nilikuwa nahesabu hata nikiwa namhudumia mtu dukani. Chakula alipanga mama. Pumba, majani, maboga, na siku za pombe, machicha kidogo. Aliponitazama akingoja nikatae, nilimwambia asimpe mengi, na yawe ya siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nilikwenda kumtazama. Nilipiga magoti kwenye nyasi nikamwekea mkono. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimetengana mafungu mafungu pande zote mbili, ngozi imekaza. Nilibana chuchu ya pili kutoka mbele. Likatoka tone moja la njano, likakaa juu ya kidole gumba changu bila kuanguka. Nikabana ya upande wa pili, nayo ikatoa.

Niliendelea kupiga magoti pale. Magoti yalikuwa yamelowa na sikuona haraka ya kuinuka.

Mama alikuwa ameegemea nguzo ya banda. Alikuja akainama akalitazama lile tone, karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Bado hajazaa," akasema. "Usiende kutangaza."